Msuli Hushika, Kano Huruka

Moran wa Kimaasai anapoingia katikati ya duara la wenzake kuruka adumu, wengi hutazama kichwa chake kinavyopanda juu ya mabega ya wengine. Ukitaka kujua anavyoweza, tazama visigino. Havigusi ardhi. Anatua kwa mbele ya wayo, magoti yanakunjwa kidogo tu, kisigino kinashuka hadi karibu na udongo, na kabla hakijafika tayari ameshapanda tena. Kila mruko unafuata ule uliotangulia bila kituo. Mwambie asimame sekunde mbili kati ya mruko na mruko, na atachoka mapema, wala hatafika juu kwa wepesi ule ule.

Sababu iko nyuma ya mguu, kati ya goti na kisigino. Hapo pana misuli miwili mikubwa. Wa juu, ule unaofanya shavu la mguu lionekane limejaa, una vichwa viwili vilivyoanzia juu ya goti, na madaktari huuita gastroknemio. Chini yake umelala msuli mpana ulio bapa, soleo, ambao hauvuki goti. Yote miwili huishia kwenye kamba moja nyeupe, ile unayoweza kuibana kwa vidole viwili juu ya kisigino. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, ambayo vitabu vya tiba huiita kano ya Akilesi. Ndiyo kano nene kuliko zote mwilini, na imetengenezwa zaidi kwa kolajeni, nyuzi za protini zilizopangwa sambamba zikielekea upande mmoja.

Watu wengi hudhani msuli ndio unaofanya kazi na kano ni kamba tu ya kuunganisha msuli na mfupa. Kwa mkono unaobeba ndoo dhana hiyo haina ubaya mkubwa. Kwa shavu la mguu linalokimbia ni kosa, na kosa lenyewe liligunduliwa kwa njia ya hesabu iliyokataa kukubaliana.

Mwaka 1964 huko Milano, Italia, Giovanni Cavagna, Franco Saibene na Rodolfo Margaria walipima mambo mawili kwa watu wanaokimbia: kazi ambayo mwili unaifanya kuinuka na kusonga mbele katika kila hatua, na nishati ambayo mwili unaitumia, inayojulikana kwa kupima oksijeni inayovutwa. Ilikuwa inafahamika kwamba msuli, ukifanya kazi vizuri kabisa, hugeuza karibu asilimia 25 ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Wakimbiaji wale walitoa kati ya asilimia 40 na 50. Hakuna msuli unaoweza kufanya hivyo. Kwa hiyo sehemu ya kazi ile haikuwa inafanywa na msuli hata kidogo. Ilikuwa inatoka mahali ambapo ilikuwa imewekwa akiba muda mfupi tu kabla.

Waliokuja kuipa akiba hiyo namba ni timu ya Robert McNeill Alexander katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Mwaka 1987 walichapisha hesabu ya mtu mmoja wa kilo 70 anayekimbia mita 4.5 kwa sekunde. Mwendo huo ni kama dakika 3 na sekunde 42 kwa kilomita. Anayeudumisha hadi mwisho humaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 36 hivi. Si bingwa wa dunia, lakini ni mkimbiaji hodari. Tuifuate hesabu hiyo taratibu, maana ndani yake mna kila kitu.

Mkimbiaji huyu akiwa katikati ya hatua, mguu mmoja chini, ardhi inamsukuma juu kwa nguvu karibu mara 2.7 ya uzito wake, yaani nyutoni 1,900 hivi. Nguvu hiyo inapita mbele ya wayo, penye maungio ya vidole. Kano inavuta kwa nyuma, kwenye kisigino. Sasa kifundo cha mguu, ambacho ndicho mhimili, kiko karibu sana na kisigino kuliko na vidole. Umbali wa mbele ni kama mara mbili na nusu ya ule wa nyuma. Ili wayo usibonyee, kano lazima ivute kwa nguvu iliyozidi ile ya ardhi kwa kiasi hicho hicho. Inafika nyutoni 4,700, sawa na kuning'iniza mzigo wa karibu kilo 480 kwenye kamba yenye unene usiozidi kidole kidogo. Na huo ni mguu mmoja, hatua moja.

Kano ikivutwa hivyo inarefuka. Hairefuki sana, milimita 15 hivi tu, lakini kuivuta milimita hizo 15 dhidi ya nguvu kubwa namna ile kunahitaji nishati, na nishati hiyo inabaki ndani ya nyuzi za kolajeni. Nguvu inaanzia sifuri na kupanda hadi 4,700, kwa hiyo tunachukua wastani, 2,350, tunazidisha kwa mita 0.015, tunapata jouli 35. Jouli 35 zinatosha kumwinua mtu huyo wa kilo 70 sentimita 5 kutoka ardhini. Timu ya Leeds ilikadiria kwamba katika kila hatua mwili wote unapoteza na kurudishiwa karibu jouli 100, na kwamba upinde wa wayo, ule uwazi ulio chini ya unyayo wenye kano na mishipi yake, huhifadhi jouli nyingine 17. Ukijumlisha, zaidi ya nusu ya nishati inayozunguka katika hatua moja inaweza kupita ndani ya kamba zisizokula chochote.

Kwa kipimo, fikiria viatu vya kisasa vya marathoni, vyenye povu nene na sahani ya kaboni, vilivyoanza kuvunja rekodi tangu mwaka 2017. Watafiti waliovipima maabara waligundua kwamba povu lake hurudisha jouli 7 na nusu hivi kwa kila hatua. Ni nyingi ukilinganisha na viatu vya kabla yake, vilivyorudisha karibu nusu ya hizo. Lakini kano ambayo kila mtu amezaliwa nayo hurudisha mara nne ya hapo.

Hapa ndipo msuli unapopata kazi yake ya kweli, na ndiyo sehemu ninayoiona ya kustaajabisha kuliko jouli zenyewe. Kano haiwezi kuvutika kama upande wake wa juu umelegea. Fikiria manati: mpira hauhifadhi nguvu yoyote kama mkono ulioshika kijiti unarudi nyuma pamoja nao. Mkono ule hausogei, lakini bila huo hakuna kinachorushwa. Msuli wa shavu la mguu ndio mkono huo. Unachotakiwa kufanya wakati wa kutua ni kukaza na kutoachia.

Maumbile ya misuli hii yanaonyesha hivyo waziwazi. Nyuzi za soleo na gastroknemio ni fupi mno, za sentimita nne au tano tu, zimepangwa kwa mshazari na kubanwa nyingi pamoja, ilhali kamba iliyo chini yake, ukianzia pale gastroknemio inapokoma, hupita sentimita 20. Nyuzi fupi nyingi hutoa nguvu kubwa lakini haziwezi kusogea mbali. Ni misuli iliyoumbwa kushika.

Tangu miaka ya 1990, mashine ya altrasaundi, ile ile inayotumika kumtazama mtoto tumboni, imewawezesha watafiti kuufunga mtambo mdogo kwenye shavu la mguu na kuona nyuzi za msuli zikifanya kazi huku mtu anatembea, anaruka au anakimbia. Walichokiona kwa mkimbiaji ni hiki: mguu unapogusa ardhi, kifundo kinakunjwa, na umbali kutoka goti hadi kisigino unaongezeka. Ungetegemea nyuzi za msuli zirefuke. Hazirefuki. Za gastroknemio zinajifupisha polepole tangu mwanzo wa hatua hadi mwisho. Urefu wote unaoongezeka, na kisha kupungua mguu unapojisukuma, ni wa kano.

Faida yake ni kubwa, kwa sababu msuli hulipa bei kulingana na mwendo wake. Msuli unaojifupisha kwa kasi hutoa nguvu kidogo, hivyo mwili hulazimika kuziita nyuzi nyingi zaidi ili kupata nguvu ile ile, na kila uzi unaoitwa unakula. Msuli unaokaza bila kusogea, au unaosogea taratibu, hutoa nguvu kubwa kwa nyuzi chache. Kano ikichukua kazi ya kusogea, msuli unabaki katika hali yake ya bei nafuu.

Ni lazima niseme pia kwamba bei nafuu si bure. Wako waandishi wanaochukua zile jouli 35, wakazidisha kwa hatua zote za marathoni, kisha wakatangaza kwamba kano inamwokolea mkimbiaji mamia ya kalori. Hesabu hiyo inasahau kwamba msuli umelipa gharama ya kushika muda wote kano inapovutika na kurudi. Akiba ipo, ila ni ndogo kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha.

Vilevile kano hairudishi yote. Kano zilizochukuliwa kwa maiti na kuvutwa kwenye mashine hurudisha karibu asilimia 93. Ndani ya mguu hai, ambako kupima ni kugumu zaidi, mambo hayakuwa mazuri kiasi hicho. Mwaka 2005 Glen Lichtwark na Alan Wilson waliwapima watu wakiruka kwa mguu mmoja papo hapo, mruko baada ya mruko. Kano ilirefuka kwa zaidi ya asilimia 8 ya urefu wake, ikarudisha kwa wastani jouli 38, lakini karibu robo ya kile ilichopewa ilipotea. Inayopotea hugeuka joto. Katika farasi wanaokimbia kwa kasi, kipimajoto kilichoingizwa ndani ya kano ya mguu kimesoma nyuzi 45, joto ambalo seli nyingi haziwezi kulivumilia kwa muda mrefu.

Sasa turudi kwa moran na ile sekunde mbili. Kwa nini akisimama anapoteza? Kano yenyewe ingeweza kukaa imevutika, lakini msuli unaoishika lazima uendelee kukaza, na kukaza kunamaliza nguvu. Msuli ukilegea, ncha ya juu ya kano inaachiwa, na akiba yote inayeyuka kuwa joto bila kumwinua mtu hata milimita. Hatua ya mkimbiaji wetu inakaa ardhini kwa sekunde 0.2 hivi, na muda huo mfupi ndio unaofaa. Tena msuli hausubiri wayo uguse chini ndipo ukaze. Ubongo unaujulisha mapema, na umeme wake huanza kuonekana kwenye vipimo sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kutua. Anayetua na shavu la mguu likiwa limelala atakuwa ameikosa nafasi.

Mruko wa mara moja ni jambo tofauti kidogo, na hapa makocha wengi husema zaidi ya wanavyopaswa. Mchezaji wa voliboli anayechuchumaa haraka na kuruka hufika juu kwa sentimita chache zaidi kuliko akianza akiwa amechuchumaa tayari. Husemwa kwamba kano zimemsaidia. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaelezwa vizuri zaidi na muda: ule mwendo wa kushuka huipa misuli ya mapaja na makalio nafasi ya kufikia nguvu yao kamili kabla mwili haujaanza kupanda. Kano ya kisigino katika mruko wa namna hii humsaidia kwa njia nyingine. Misuli ya shavu la mguu huanza kuivuta taratibu wakati mwili bado uko chini, kisha mwishoni kabisa, visigino vinaponyanyuka, kano hujirudi kwa kasi ambayo msuli peke yake usingeifikia. Nishati ni ile ile iliyotoka kwenye msuli, ila inatolewa kwa muda mfupi zaidi, na msukumo wa mwisho unakuwa mkali.

Swali ambalo Mwafrika Mashariki yeyote atauliza ni kama miguu ya Iten na Eldoret ina kano za pekee. Watafiti wa Kijapani wamewapima wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu kwa altrasaundi, wakawalinganisha na Wajapani wasio wanariadha. Kano za Wakenya zilikuwa ndefu zaidi na nyuzi za misuli yao fupi zaidi, na katika kurukaruka zilifanya kazi kwa mabadiliko madogo ya urefu. Inaendana na yote tuliyoyaona. Hata hivyo kipimo cha watu walioshinda hakisemi nini kiliwafanya washinde. Kijana aliyekulia nyanda za juu huku akienda shule kwa miguu kila siku tangu utotoni ameiongezea kano yake mzigo katika miaka ambayo bado inajengwa, na kuutenganisha urithi na malezi hayo si kazi nyepesi.

Miaka hiyo ya kujengwa ina uzito kuliko tulivyodhani. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewa aina ya kaboni inayoweza kutambuliwa, ambayo iliingia katika mimea, chakula na miili ya watu wote duniani. Mwaka 2013 watafiti wa Denmaki waliipima kaboni hiyo katika kiini cha kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka mbalimbali. Walikuta kwamba kiini hicho hubeba kaboni ya utotoni na ujana hadi kwenye umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Msuli hujijenga upya. Kiini cha kano unachokimbilia ukiwa na miaka 45 ni kile kile ulichokuwa nacho ukiwa sekondari.

Hiyo haina maana kwamba kano ya mtu mzima haifundishiki. Ugumu wake huongezeka ikibebeshwa mzigo mkubwa kwa taratibu. Huko Ujerumani, Kirsten Albracht na Adamantios Arampatzis waliwafanyisha wakimbiaji wa kawaida mazoezi ya kukanyaga kwa nguvu karibu na ukomo wao, wakishikilia sekunde chache kila mara, kwa wiki 14. Kano zao zikawa ngumu zaidi, na oksijeni waliyotumia kwa mwendo ule ule ikapungua kwa asilimia 4 hivi. Kuruka kamba kwa wepesi hakuleti kitu hicho. Kano hujibu uzito unaodumu sekunde kadhaa. Na msuli hutangulia kuwa na nguvu wakati kano bado iko nyuma, ndiyo maana anayeongeza kasi au kilomita ghafla baada ya mwezi mmoja mzuri mara nyingi huumia hapo.

Kuumia kwenyewe huanza kimyakimya. Asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, nyuma ya mguu panakaza na kuuma, kisha panalegea ukishatembea. Ukipabonyeza, maumivu yako sentimita mbili hadi sita juu ya kisigino, na huenda pamevimba kidogo. Kupumzika kabisa hutuliza maumivu, lakini yanarudi siku unapoanza kukimbia tena, kwa sababu kano iliyopumzishwa imedhoofika zaidi. Mnamo 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Uswidi walionyesha njia inayotumika hadi leo: simama kwa mbele ya wayo ukingoni mwa ngazi, nyanyuka kwa mguu mzima, kisha shuka taratibu kwa mguu unaouma hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, mizunguko mitatu kwa goti lililonyooka na mitatu kwa goti lililokunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni kazi ya kuchosha, na wiki za mwanzo huuma.

Kukatika ni jambo lingine. Hutokea zaidi kwa wanaume wa miaka 30 hadi 50, wale wa mpira wa mwisho wa wiki, katika kuanza mbio ghafla. Mtu husikia kishindo na kugeuka kumtafuta aliyempiga teke kwa nyuma, na nyuma hakuna mtu. Hatari yake ni kwamba wengi bado wanaweza kuchechemea na kuchezesha vidole, kwa kuwa misuli mingine midogo ya mguu haijaguswa, hivyo wanaambiwa wameteguka na kurudishwa nyumbani. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha libane shavu la mguu kwa mkono. Wayo wa mguu mzima utashuka wenyewe. Ukibana na wayo usisogee, kano imekatika, na mtu huyo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, maana ncha mbili za kano zikiachwa mbali kwa wiki kadhaa kuziunganisha huwa kugumu.

Na jambo moja la dukani. Siprofloksasini na dawa za ukoo wake, ambazo watu wengi hununua wenyewe kwa ajili ya tumbo au mkojo, huongeza uwezekano wa kano hii kuvimba na kukatika, hasa kwa waliovuka miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito juu ya hilo mwaka 2008. Kama umeandikiwa dawa hiyo na kisigino kikaanza kuuma, acha kukimbia na umrudie daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.